Mwarabu Unguja, Mzinjibari Maskati

Mtu akirudi katika nchi ya mababu zake akaonekana mgeni, watu humpa moyo kwamba ni suala la mazoea na baada ya muda litakwisha. Waomani waliotoka Zanzibar wana zaidi ya nusu karne tangu waanze kurudi kwa wingi, na wajukuu wao wamezaliwa hospitali za Maskati na kusoma skuli za Maskati. Baadhi ya mambo kweli yamekwisha, lakini mengine hayakuguswa kabisa na muda. Nadhani inafaa kuyatenganisha, kwa sababu vijana wa familia hizi, wakiwamo binamu zangu, huyabeba yote kama mzigo mmoja, kisha hujiuliza wamekosea wapi.

Kwanza tujue tunazungumzia watu gani. Ni raia wa Oman wenye majina ya makabila ya Oman, na nyumbani kwao Kiswahili ni lugha ya bibi, ya jikoni na ya arusi. Waomani wenzao huwaita Wazinjibari, na jina hilo linamchukua hata yule ambaye baba yake alizaliwa Tabora, Mombasa au Bujumbura na hakuwahi kuikanyaga Unguja. Sisi huku Zanzibar tunawaita Waarabu. Kila upande unawapa jina la upande wa pili.

Hawa hawakuhama mara moja. Babu alitoka Oman akaja Afrika Mashariki, na mwanawe akazaliwa huku akiwa mtoto wa mhamiaji. Kisha huyo mwana akaenda Oman, na watoto wake wakazaliwa kule, nao wakiwa watoto wa mhamiaji, japokuwa katika karatasi baba yao alikuwa amerudi kwao. Ni vizazi viwili vilivyokulia baina ya nchi zilezile mbili, kila kimoja kikiwa na mgongo upande tofauti.

Nitachukua familia moja ya mfano, niliyoijenga kutokana na mambo yaliyozipata familia nyingi.

Babu alitoka vijiji vya Ibra, katika jimbo la Sharqiya, mnamo miaka ya 1930. Kule maisha yalitegemea mitende na maji ya falaji, yaani mfereji wa kugawiana kwa zamu. Mvua zikikosekana miaka kadhaa, falaji hupungua, mitende hufa na vijana huondoka. Alifika bandari ya Sur, akapanda jahazi wakati wa kaskazi, akashuka Funguni, Unguja, na baadaye akavuka kwenda Pemba, akafungua kiduka Wete. Hakuwa na uhusiano wowote na kasri la Sultani. Waarabu waliokuwa wenyeji wa visiwani kwa vizazi kadhaa walimwita Mmanga, na hawakumtamkia jina hilo kwa heshima. Akaoa mwanamke wa Kipemba, mwenyeji wa Konde.

Baba alizaliwa Wete mwaka 1946. Alizungumza Kiswahili kwa mama yake na kwa watoto wa mtaani, akasoma Kurani chuoni na Kiingereza skuli ya serikali. Kiarabu alikijua kwa kukisoma na kukiimba kwenye maulidi. Kukizungumza sokoni hakuweza, maana hata babu alipochoka usiku alimgombeza kwa Kiswahili. Hata hivyo, kwa kuwa nasaba hufuata baba, aliandikwa Mwarabu wa kabila la baba yake, na mtaani alijulikana hivyo.

Yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Maelfu ya watu waliuawa, na Wamanga wengi wakapakiwa vyomboni na kurudishwa Arabuni. Baba, akiwa na miaka 18, alipitia Mombasa akaishia Dubai. Hakwenda Oman kwa sababu Sultani wa wakati huo, Said bin Taimur, aliibana sana nchi yake na hakuwa tayari kuwafungulia mlango watu waliokwisha kusoma nje. Mlango ulifunguka tarehe 23 Julai 1970, mwanawe Qaboos alipomwondoa madarakani na kuwaita Waomani wote walioko nje warudi kujenga nchi.

Nchi yenyewe ilikuwa na skuli tatu tu za serikali za kisasa, zote za wavulana. Mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje mwaka 1967, na ghafla palihitajika makarani, wahasibu, wauguzi, walimu na wahandisi wanaojua Kiingereza. Watu wa namna hiyo walikuwa wamejaa miongoni mwa Wazinjibari waliotawanyika Dubai, Kuwait, Cairo na Uingereza.

Karatasi zinathibitisha, ulimi unakana

Ili apate pasi, baba alihitaji ithibati kwamba ni wa kabila fulani, na mwenye kuthibitisha ni sheikh wa kabila. Kwa hiyo alisafiri hadi Ibra, kijiji alichokuwa akikisikia tu kwenye hadithi za babu. Wazee walimuuliza jina la babu yake, jina la baba wa babu, na nani aliyekuwa na zamu ya maji jirani na yao. Majina yote aliyajua. Wakamkumbatia, wakamwonyesha mitende iliyokuwa ya ukoo. Mazungumzo yalipokwenda mbele ya majina alikwama, ikabidi binamu aliyewahi kuishi Tanga amtafsirie. Saa moja kabla ya hapo alikuwa amethibitishwa kuwa mtu wa pale.

Katika sheria, mtu huyu ni Muomani kamili. Hakuomba uraia kama mgeni anavyoomba, ila alitambuliwa. Kwa sababu hiyo shida yake haifanani na ya mtoto wa wahamiaji aliyezaliwa Ulaya ambaye anahangaikia kibali cha kuishi. Yeye kibali anacho. Anachopimwa nacho ni vitu visivyoandikwa popote: namna anavyotamka, watu anaowajua kijijini, na mama aliyemzaa.

Tuanze na matamshi, maana ndiyo yanayosikika kwanza. Mswahili aliyejifunza Kiarabu ukubwani huchanganya herufi ambazo kwa Mwarabu ni mbali kama mashariki na magharibi: hee nyepesi na haa ya kooni, alifu na aini, kafu na qafu. Anaweza kuandika barua nzuri ya kiofisi, lakini akifungua kinywa dukani muuzaji atajua. Baba alipata kazi benki mwaka 1971, akapanda haraka kwa sababu barua za benki zilikuwa za Kiingereza. Wenzake waliokulia ndani ya nchi, waliokosa skuli kwa kuwa hazikuwapo, walimwona mtu asiyejua lugha yao akiwa mkubwa wao. Kinyongo hicho kilikuwa na sababu na sioni haja ya kukipuuza. Lakini aliyekuja kukilipia ni mtoto.

Binti alizaliwa Maskati mwaka 1975. Darasani walimu wake wengi walikuwa Wamisri, Wajordani na Wasudani, kwa kuwa Oman ilikuwa bado haina walimu wa kutosha, hivyo alijifunza Kiarabu fasaha cha vitabuni. Wakati wa mapumziko wenzake walizungumza Kiarabu cha nyumbani kwao, cha Ibra, cha Nizwa, cha Batina, na hicho kwake hakikuwapo wa kumfundisha. Alipata alama nzuri katika mtihani wa nahau, na bado uwanjani alikuwa Mzinjibari. Wazazi walimsaidia hesabu na Kiingereza. Insha ya Kiarabu ilipokuja, yeye ndiye aliyemsomea baba barua zilizotoka skuli.

Mtoto anapoanza kumsomea mzazi barua, mambo ya nyumbani hugeuka. Hujua mzazi ameonywa nini na mwalimu, na huchagua aseme nini na afiche nini. Huona aibu baba akizungumza mbele ya rafiki zake, kisha huona aibu kwa kuona aibu. Wengi waliopitia hali hiyo husimulia jambo lilelile: walimwomba mama asiwaite kwa Kiswahili mlangoni pa skuli. Mtoto huyo hukua akidhani tatizo lake ni lugha, na kwamba siku atakapozungumza kama wenzake kila kitu kitakuwa sawa.

Kuhusu lugha, hakukosea sana. Ugeni wa ulimi hudumu kizazi kimoja, au kimoja na nusu. Watoto wa binti huyu, waliozaliwa baada ya mwaka 2000, wanatamka kama mtoto yeyote wa Maskati, na mtu akisikiliza sauti tu hawezi kuwajua. Hilo ndilo lililokwisha.

Posa

Lisilokwisha hujitokeza siku ya posa. Mpaka hapo binti anaweza kuishi miaka mingi akiamini yale ya skuli yalikuwa utoto. Amesoma chuo kikuu, ana kazi wizarani, ana marafiki wa kila kabila. Kisha kijana wa Nizwa anatuma wazee, na wazee wa pande zote mbili wanaanza kuulizia. Suala ni kufu: je, hawa wawili wanalingana kwa nasaba? Upande wa baba hauna shida, maana jina la kabila linajulikana na Ibra wapo wa kushuhudia. Ndipo linapokuja swali linaloulizwa kwa sauti ya chini: na bibi yake mzaa baba, alikuwa nani?

Bibi alikuwa mwanamke huru wa Konde, binti wa watu wenye mashamba yao na ukoo wao. Lakini kwa baadhi ya wazee wa kijana, mwanamke Mwafrika katika nasaba ya Muomani huleta jambo moja tu akilini, nalo ni utumwa. Utumwa ulipigwa marufuku Oman mwaka 1970, katika mabadiliko yaleyale yaliyomrudisha baba. Wako watu hai waliouona. Ndiyo maana sura, nywele na bibi wa Pemba huweza kusomwa kama ishara kwamba labda familia hii ni ya watumwa waliopewa jina la kabila la mabwana zao. Posa inaweza kuvunjika bila mtu kutaja sababu. Huja salamu kwamba kijana anaendelea na masomo.

Sasa mvushe binti huyohuyo bahari. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 Zanzibar ilianza kufungua milango, na wengi walioondoka wakaanza kuja kutembea. Binti anakuja Wete na baba yake. Ndugu wa upande wa bibi wanampokea kwa vifijo, na kwa shangazi zake yeye ni mtoto wa nyumbani. Akitoka nje ya ua, mambo ni mengine. Boti analipa nauli ya mgeni kwa dola, mwendesha teksi anamtajia bei ya Mwarabu, na akibishana kwa Kiswahili anaulizwa kajifunzia wapi. Kisha siku moja kijana mmoja barazani, bila ugomvi wowote, anamwambia kwamba babu zake ndio waliokuwa wakiuza watu.

Babu yake aliuza mchele na mafuta ya taa. Biashara ya watumwa Zanzibar ilipigwa marufuku mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897, miaka mingi kabla babu hajapanda jahazi. Lakini kijana naye hajatunga. Mashamba ya karafuu ya visiwa hivi yalijengwa kwa jasho la watumwa, wamiliki wakubwa walikuwa Waarabu, na masomo ya historia aliyopata hayakumtofautisha Mmanga wa kiduka na bwana wa shamba.

Hapa ndipo lilipo fundo, na ndilo lililonifanya niandike. Ni historia moja, ya utumwa katika Bahari ya Hindi, na inamhukumu mtu mmoja mara mbili kwa hukumu zinazopingana. Unguja na Pemba anabebeshwa dhambi ya bwana kwa sababu ya baba, na Oman anatiliwa shaka ya mtumwa kwa sababu ya bibi. Hakuna lugha atakayojifunza, wala vazi atakalovaa, litakaloondoa jambo hili, maana halikuanzia kwake. Ushauri wa kwamba ajitahidi kuchanganyika, ambao watoto wa wahamiaji hupewa kila mahali, kwake haufanyi kazi. Amekwisha kuchanganyika, na mchanganyiko wenyewe ndio unaoshukiwa.

Ukitaka kujua kwamba si suala la rangi peke yake, tazama Waomani weusi wa pwani ambao familia zao hazikurudi kutoka Zanzibar na hakuna anayewaita Wazinjibari. Tazama pia Wazinjibari weupe kuliko watu wa Ibra wenyewe, ambao bado huulizwa kuhusu bibi.

Familia zenyewe nazo hazina mikono safi. Wazee wengi wa Kizinjibari, wanaoumia watoto wao wanapokataliwa na watu wa bara la Oman, hawangekubali kuoza binti kwa Mswahili asiye na kabila la Kiarabu. Walikuja na mizani yao kutoka Zanzibar, na kabla ya 1964 waliitumia kuwapima wengine. Watoto huliona hilo mapema, na huwavunja moyo kuliko maneno ya uwanjani.

Nchi ambayo haipo

Kuna sehemu ya tatu, ambayo kijana huidhania yake na kumbe ni ya wazazi. Baba aliondoka Wete akiwa na miaka 18, kwa fujo, bila kuaga. Nyumba nyingi za walioondoka zilitaifishwa na zikakaliwa na watu wengine. Zanzibar aliyoibeba kichwani ni ya mwaka 1963, na ndiyo aliyowalea watoto wake nayo. Nyumbani Maskati palipikwa mkate wa kumimina na vitumbua kila mwezi wa Ramadhani, taarab ya zamani ilipigwa arusini, na kila jambo lililoharibika lililinganishwa na Zanzibar. Binti alikua akiikosa nchi ambayo hajawahi kuiona. Alipoiona akaikuta ni nchi nyingine, yenye watu wengi zaidi, siasa zake na hoteli zake, alirudi na huzuni aliyodhani maana yake ni kwamba hata huko si kwao. Lakini hata baba angerudi kuishi Wete, nchi ile asingeikuta.

Kiswahili chake kinaonyesha hali hiyo vizuri. Anaweza kusalimia wakubwa ipasavyo, kupika akielekeza, kugombeza mtoto na kusimulia msiba mpaka watu walie. Mkae mezani kuzungumzia mkataba wa nyumba, bajeti ya serikali au matibabu ya moyo, na maneno yatamwishia, atageukia Kiarabu au Kiingereza. Watu wa huku humhukumu kwamba Kiswahili chake kibovu. Si kibovu. Ni Kiswahili cha ndani ya nyumba moja, na mazungumzo ya benki hayakuwahi kufanyika humo kwa lugha hiyo. Miezi michache ya kufanya kazi au kusoma hapa humpa maneno hayo, kwani sarufi anayo tayari.

Kuna jambo jingine ambalo husahauliwa. Kofia ya kumma, ambayo leo Muomani huivaa ofisini, ina undugu wa wazi na kofia ya vitobo ya Unguja. Bokoboko letu ni harisa ya kwao, na halua ya Wete ni mtoto wa halua ya Oman. Vitu vimevuka na kukubaliwa pande zote mbili bila kuulizwa nasaba. Wanaoulizwa ni watu.

Kwa kijana wa kizazi cha tatu, aliyezaliwa Maskati, anayeelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiarabu, hali ni tofauti kidogo na ya mama yake. Lugha haimsumbui, na Zanzibar ya 1963 kwake ni simulizi tu. Kilichobaki ni lile fundo la kati, na hulikuta akiwa hana hata maelezo, kwa kuwa nyumbani limezungukwa na kimya. Familia nyingi zina shajara ya ukoo iliyochorwa vizuri na kutiwa fremu ukutani sebuleni, yenye majina ya wanaume vizazi kumi nyuma. Bibi wa Konde hayumo, wala wake wengine wa Kiafrika hawamo. Wengine wameachwa kwa sababu ndivyo shajara zinavyochorwa, na wengine kwa sababu mtu aliona ni salama zaidi wasitajwe. Matokeo yake, swali la bibi linapoulizwa siku ya posa, kijana hana jibu, na asiye na jibu hudhaniwa anaficha.

Mwaka jana binamu yangu mmoja wa Maskati aliamua kuandika upande huo. Alimpigia simu shangazi yetu wa Pemba, mwenye umri wa miaka zaidi ya themanini, na akamuuliza mambo mepesi: jina la bibi, jina la baba yake na mama yake, kijiji, nani alimwoza, mahari ilikuwa nini, na shahidi wa ndoa alikuwa nani. Shangazi alijibu yote papo hapo, akaongeza na majina ya mashamba ya mikarafuu aliyorithi bibi kwa baba yake. Kumbe kiduka cha babu kilisimama juu ya kiwanja cha mkewe. Binamu ameyaandika kwa Kiarabu na kwa Kiswahili na kuyatuma katika kundi la familia. Ami mmoja amekasirika na kutoka katika kundi. Dada wawili wameomba nakala, na mmoja wao ana binti aliyeposwa.

Wanaoweza kujibu maswali hayo ni wale waliokuwa watu wazima, au angalau na akili zao, kabla ya 1964. Mdogo wao leo amekwisha kupita miaka sabini.